Neno Moja Katika Kadi ya Harusi

Kadi yenyewe niliishika mkononi kwa muda mfupi sana. Ilikuwa nene, ya rangi ya maziwa, na maandishi yake yalikuwa ya dhahabu. Kijana aliyeileta aliifungua kutoka kwenye leso yake kama mtu anayefungua kitu chenye uhai, akaiweka juu ya meza ya mume wangu, kisha akarudi nyuma kidogo tuitazame.

Mume wangu alikuwa mpiga picha. Duka letu lilikuwa katika mtaa wa nyuma mjini Mwanza, si mbali na njia iendayo stesheni, chumba cha mbele kikiwa na pazia lililochorwa mlima ambao sisi wenyewe hatukuwahi kuuona, na cha nyuma kikiwa chumba cha giza alimosafishia picha zake. Mimi asubuhi nilisomesha watoto wa kike Kurani nyumbani, na mchana nilikaa pale dukani kwenye meza ya dirishani. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo huko Tabora, naye alinifundisha Kiarabu tangu sijaota meno ya ukubwani, si cha kusoma tu bali cha kuandika pia. Kwa hiyo watu wa mjini waliokuwa na ndugu Arabuni waliniletea shughuli zao: salamu za Idi, talaka, wasia, maombi ya kadhi. Harusi zilikuwa chache. Harusi nilizipenda.

Yule kijana alikuwa na kiduka huko Kisesa, akinunua ngozi na kuuza nguo na chumvi. Alizaliwa Hadhramaut, akaletwa na mjomba wake akiwa mdogo, na mjomba alipofariki akabaki peke yake na kile kiduka. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisukuma kabisa, utasikia tu "Kura basi, dada" akimaanisha kula. Alikuwa mpole, mwenye haraka kidogo, na kila alipoingia alinisalimu kabla mguu wa pili haujavuka kizingiti.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hiyo ndiyo kadi?"

"Ndiyo hiyo. Nimeazimwa. Baba mkwe anataka irudi leo leo, ni ya kadhi. Nyingine zote zimekwisha kugawanywa."

Alikuwa akimuoa binti wa mzee mmoja wa mjini, mzee wa damu nyingi kama sisi sote, Mmanyema kwa baba na Mwarabu kwa bibi, mfanyabiashara wa zamani mwenye nyumba kubwa nyuma ya msikiti. Kadi zilichapishwa hapa hapa kwa Kiswahili, kwa herufi za kizungu, maana mchapaji hakuwa na herufi za Kiarabu. Wazazi wa kijana kule kwao hawakujua hata "a" ya kizungu. Alichotaka ni hiki: mume wangu aipige kadi picha, waione na maua yake na dhahabu yake, nami niyaandike maneno yake kwa Kiarabu kwenye karatasi nzuri, viende pamoja.

"Lakini yasiwe maneno ya dukani," alisema. "Baba yangu ni mtu wa vitabu. Yawe na heshima kama ya kadi."

"Yatakuwa na zaidi," nilimwambia.

Umeme ulikuwa umekatika siku ile. Mume wangu aliibandika kadi kwenye ubao karibu na dirisha, akaisogeza kamera kubwa ya miguu mitatu, akajifunika kitambaa cheusi, akatoka, akaigeuza kadi kidogo, akajifunika tena. Alinung'unika kwamba dhahabu haipendi mwanga wa upande mmoja, inahitaji taa mbili, kushoto na kulia, la sivyo hung'aa na kumeza maandishi. Lakini kadi ilikuwa ya kurudi. Akapiga mara moja, kijana akaifunga tena kwenye leso.

Wakati mume wangu anapanga vyombo vyake, nilizungumza na kijana habari ya maneno. Nilimweleza kwamba Kiarabu cha kadi kina adabu zake. Hatusemi "anakualika", tunasema *yatasharrafu*, anapata sharafu, yaani heshima, kwa kukuita. Binti haitwi binti, huitwa *karima*, na kijana wa kiume huitwa *najl*. Na pale kadi iliposema "Bwana na Bibi", mimi ningeandika kwamba anaalika yeye "na haramu yake".

Akacheka mpaka akashika meza. "Haramu! Mama mkwe akisikia atanifukuza!"

"Huko ni heshima. Maana yake aliyehifadhiwa, asiyeguswa."

"Basi andika, lakini usimsomee."

Akanisihi jambo moja. Kadi ilisema nyumba iko Mwanza, basi. Alitaka niongeze kwamba Mwanza ni mji ulio kando ya ziwa. Nikamwambia ziwa kwa Kiarabu ni *buhaira*, yaani bahari ndogo. Akatikisa kichwa. "Baba ataona ni kidimbwi. Hajui kwamba ukisimama Mwanza huoni ng'ambo."

"Nitaandika *al-kubra*. Bahari ndogo iliyo kuu."

Hilo lilimpendeza. Akasema anakwenda Ukerewe kuwaalika rafiki za marehemu mjomba wake kwa mdomo, angerudi Jumatano, na Alhamisi angepita kuchukua kazi yake. Harusi ilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Akaaga, akaenda.

Picha ilipokauka, mume wangu aliniletea huku amekunja uso. Ilikuwa nzuri, maua yote yanaonekana, bismillahi juu, majina, siku, "baada ya sala ya Alasiri", nyumba na mtaa. Ila mahali pamoja. Baada ya jina la kijana palikuwa na "kijana wa", kisha doa jeupe, mng'ao mtupu, kisha jina la baba yake. Neno moja fupi lilikuwa limemezwa. Nililitazama kwa lenzi, nikaipeleka picha dirishani, nikaiinamisha. Hakuna. Palikuwa peupe kama jicho lenye mtoto wa jicho.

"Litakuwa Bwana," alisema mume wangu.

"Au Mzee. Au Marehemu."

Ndilo lililonitatiza. Kama ni Bwana au Mzee, ningeandika *al-sheikh* na kuendelea. Kama ni Marehemu, ilinipasa niandike *al-marhum*, na kukosea hapo ni kosa lisilosameheka: ama umemfufua mtu wa watu, ama umemzika. Mtu akisema "wazazi wangu" yaweza kuwa baba na mama, yaweza kuwa mama na wajomba. Aliposema "baba yangu ni mtu wa vitabu" nilimsikia vizuri, lakini sisi huwasema hivyo hata wafu wetu. Nikaiandika kadi yote kwa rasimu, nikaacha nafasi pale. Nilitafuta tarehe ya Kiislamu iliyolingana na ile ya kizungu, maana mtu wa kule asingejua ile nyingine ni lini, na saa nikaiacha kwa sala ya Alasiri kama ilivyokuwa, maana jua ni moja kwa wote. Mwisho nikamalizia kwa yale maneno niyapendayo, *wa bihudhurikum yatimmu s-surur*, na kwa kuhudhuria kwenu furaha hutimia.

Alhamisi kabla ya adhuhuri nilikuwa mezani pangu nakata kalamu ya mwanzi. Jua lilikuwa kali, barabara nyeupe, na mlango wa duka ulikuwa wazi. Mume wangu alikuwa chumba cha giza, nasikia maji yake. Nikahisi kivuli kimeingia sakafuni, nikainua macho, nikamwona yule kijana amesimama mlangoni. Hakuingia. Jua lilikuwa nyuma yake, na uso sikuuona vizuri, lakini mabega yalikuwa yake, na namna yake ya kusimama, mguu mmoja mbele kama mtu anayeitwa kwingine.

Nikasubiri salamu yake. Haikuja. Nikadhani ni haraka ya bwana harusi.

"Umefika wakati mzuri," nikamwambia. "Kuna neno limepotea kwenye picha. Hapa kwa baba yako. Niandike Sheikh, au niandike Marehemu?"

Akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Andika marehemu."

"Mungu amrehemu," nikasema.

"Amin."

Nikainama kuchovya kalamu, maana nilitaka kumwonyesha ninavyoliandika. Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa mtupu. Sikushangaa. Nililiandika neno lile mahali pake, *najl al-marhum*, kwa mwandiko ambao mpaka leo naamini ni mzuri kuliko wote nilioandika, nikaanza kunakili safi.

Mume wangu alitoka akifuta mikono. "Ulikuwa unamwombea nani rehema?"

"Baba yake bwana harusi. Kumbe alikufa. Kijana mwenyewe alikuwa hapa sasa hivi."

"Mbona nilikusikia wewe tu?"

"Alizungumza chini chini."

Akachungulia nje. Barabara ilikuwa na mwanamke mmoja mwenye ndoo na punda wa muuza kuni. Akarudi ndani.

Habari ilifika alasiri. Ililetwa na wavuvi wa Igombe. Mashua ya tanga iliyotoka Ukerewe ilikuwa imepinduka kwa upepo wa ghafla. Baadhi waliokotwa wakiwa wameshikilia mbao, wengine hawakuonekana. Wale waliookolewa walisema yule kijana wa Kisesa alimpa mama mmoja mwenye mtoto ubao wake, na baada ya wimbi lile hawakumwona tena. Hayo yalikuwa Jumatano.

Jumatano. Nilimuuliza mtu wa Igombe mara ya pili, kisha ya tatu, mpaka mume wangu akanishika mkono.

Nyumbani nilipika, hakuna aliyekula. Baadaye mume wangu akasema pengine alikuwa mtu mwingine, mtu amesimama dhidi ya jua wote hufanana, pengine mpita njia aliyeulizwa swali akajibu lolote. Nikamuuliza mpita njia gani akiulizwa habari za baba yake husema andika marehemu. Akasema, "Yule ambaye baba yake amekufa." Lilikuwa jibu la akili. Nililishika kwa siku mbili tatu kama mtu anavyoshika ukuta gizani.

Mwili haukupatikana. Msikitini walimsalia sala ya asiyekuwepo, na katika ile nyumba kubwa nyuma ya msikiti, jamvi lililotandikwa kwa ajili ya harusi wakalikalia watu wa matanga.

Matanga yalipoanuliwa, mzee baba wa bibi harusi alikuja dukani. Nilimwamkia, akaniitikia, akakaa kwenye kiti wanachokalia watu wa picha, mbele ya ule mlima wa kuchorwa.

"Mwanangu," alisema, "kijana aliniambia kwamba kuna kazi yake kwako."

"Ipo, mzee. Lakini sasa ya nini?"

"Baba yake lazima ajue. Mimi nitamwandikia msiba. Lakini sitaki apate msiba peke yake. Nataka aone na kadi, ajue kwamba mwanawe hakufia ugenini kama mtu wa njiani. Alikuwa anaozwa. Alikuwa na watu."

"Baba yake yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi. Msafiri wa juzijuzi alituletea salamu zake. Kwani vipi?"

Nilivuta ile nakala safi nikaiweka mbele yake. Alisoma kwa kidole, polepole, kama wanavyosoma watu waliojifunzia kwenye msahafu. Kidole kikafika pale kikasimama. Akaitoa kadi ya dhahabu mfukoni, ile ya kadhi ambayo haikupelekwa, akaiweka kando. Pale palipokuwa na doa kwenye picha, kadi ilisema Sheikh. Neno jepesi tu, Sheikh.

"Nani alikuambia uandike hili?"

"Yeye mwenyewe."

"Alipoleta kadi?"

"Hapana, mzee. Aliporudi. Alhamisi."

"Alhamisi ipi, mwanangu?"

"Ile iliyofuatia Jumatano."

Nilitegemea mzee anikemee, au aseme a'udhu billahi. Badala yake akauliza, kwa upole uliotaka kuniliza, "Alikuwa na hali gani?"

"Ya mtu mwenye safari. Hakunisalimu."

Akatikisa kichwa taratibu. Akaikunja ile nakala mara nne, akaomba kiberiti kwa mume wangu, akaichomea mlangoni, akisoma kitu ambacho sikukisikia. Majivu aliyakanyaga kwa kiatu.

"Andika nyingine," alisema. "Kama ilivyo kadi. Usizidishe, usipunguze."

Halafu likazuka suala jingine. Alitaka nibadilishe maneno, niseme harusi "ingefanyika", maana siku yenyewe ilikuwa inakuja na bwana harusi hayupo. Nikamwambia, mzee, kadi ikisema "ingefanyika" si kadi tena. Nikamwonyesha mahali penye *bi-mashiati-llahi taala*, kwa mapenzi yake Mwenyezi Mungu. Neno hilo limo katika kila kadi ya Kiislamu, tunaliruka kama kipambo, lakini ndilo linaloibeba kadi nzima. Tuliwaalika watu kwa sharti. Mwenye sharti hakupenda. Hakuna uongo pale.

Alifikiri. "Basi iache ilivyo."

Kesho yake alikuja bibi harusi mwenyewe, na shangazi yake. Hakuwa katika eda, maana hakuwa ameolewa. Hakuwa mjane, hakuwa mchumba, hapakuwa na jina la hali yake. Alikuwa msichana mrefu mwenye sauti nzito. Shangazi alikaa nje kivulini, yeye akaingia, akanipa shikamoo, akaniomba nimsomee kile nilichoandika, Kiarabu kwanza, kisha maana yake. Nikasoma. Nilipofika kwake nikasoma *karimatihi*, nikaendelea.

"Jina langu liko wapi?"

"Kwa adabu ya huko, mdogo wangu, jina la bibi harusi haliandikwi. Unatajwa kwa baba yako. Karima wa fulani."

"Kwenye kadi limo."

"Kwenye kadi ya hapa, ndiyo."

Mikono yake ilikuwa na hina iliyokuwa imeanza kuwekwa kabla ya msiba, kidole kimoja kimoja, haikumalizwa. "Dada," akasema, "yule hana kaburi. Mimi sina ndoa. Kama na jina langu halimo, huko kwao watajuaje kwamba nilikuwepo?"

Baba yangu angenikataza. Heshima ya maneno ndiyo niliyoahidi, na heshima ilitaka nisiliandike. Nilichovya kalamu nikaliandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, kwa herufi kubwa kidogo kuliko za bwana harusi. Akautazama wino mpaka ukakauka. Hakulia.

Ile Ijumaa ya kadi ilipofika, mji ulikuwa na utulivu mbaya. Baada ya Alasiri nilijikuta nimesimama mlangoni pa duka. Nilimwona muuza kahawa mmoja, mtu asiyejua mambo, akipita na birika lake akielekea nyuma ya msikiti. Baadaye alisema aliambiwa kuna harusi. Nani alimwambia, hakukumbuka. Alifika akakuta mlango umefungwa na baraza tupu, lakini alishikilia kwamba alipokuwa anakaribia alisikia kama watu wengi wanasema amin kwa pamoja. Sikumwambia mtu kwamba nami nilisikia. Pengine lilikuwa ziwa. Upepo ukitokea kaskazini, sauti ya maji kwenye mawe ya Mwanza hufanana na mambo mengi.

Picha na karatasi vilikwenda. Miaka ikapita. Yule binti alikuja kuolewa na karani wa reli, mgane mwenye adabu, akazaa. Siasa zikaja, mume wangu akapiga picha watu wa chama na watu wa serikali kwa kamera ile ile, na mwaka wa Uhuru kukawa na bendera mpaka kwenye baiskeli za wauza maziwa wa Kisukuma.

Ilikuwa baada ya sherehe hizo, vitambaa vya rangi bado vinaning'inia mitaani, mzee wa ile nyumba kubwa aliponiita. Sasa alitembea kwa fimbo. Sebuleni mwake alikuwepo mgeni, mzee mwembamba sana mwenye kilemba, macho yamefifia, amekaa wima kwenye ukingo wa kiti. Alitoka Hadhramaut kwa meli mpaka Mombasa, akapanda gari moshi mpaka Kisumu, akavuka ziwa lote kwa meli kuja Mwanza. Hakujua neno la Kiswahili. Mkononi alikuwa na ile picha na ile karatasi yangu, vimelainika kama nguo.

"Nifasirie," mzee wa nyumba aliniambia. "Nimemwelewa nusu tu."

Nikaketi. Yule binti, mama wa watoto sasa, alikuwa nyuma ya mlango wa ndani, ameacha upenyo.

Mgeni alisema, nami nikawa nageuza sentensi baada ya sentensi: "Kuitikia mwaliko wa harusi ni wajibu. Nilialikwa kwa maneno mazuri, na sikuwa nimejibu. Nimechelewa kwa sababu ya ugonjwa, kisha kwa sababu ya njia. Naomba radhi kwa wenye nyumba."

Mzee wa nyumba alifunika uso kwa kiganja. Mgeni akaendelea. Alisema anayo sababu ya kuikumbuka wiki ile hata bila ya barua ya msiba. Aliihesabu kwa tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi, akirudi nyuma. Alikuwa ameanguka mitendeni kwake, homa ikampanda, na ile Jumatano pumzi zikawa za mwisho. Alhamisi asubuhi watu wake walikwisha kumfunga kidevu na kumkatia sanda. Mtu alikwisha kutumwa msikitini.

"Kabla ya adhuhuri," alisema, "nilifungua macho nikaomba maji. Nyumba imejaa watu, na wote wananiita..."

Akalitaja neno. Ilinipasa nilitaje na mimi. Nilifungua kinywa na halikutoka. Mzee wa nyumba aliondoa kiganja usoni akanitazama, nami nikamtazama, na upenyo wa mlango ukafunguka zaidi kidogo.

"Wananiita marehemu," nikasema.

Mgeni alidhani nimesitasita kwa kumhurumia. Akanipungia mkono kwa upole, akasema ajali haina miadi, kila mtu na siku yake. Hatukumwambia. Sijui tungemwambia nini. Kwamba palikuwa na neno moja na nafasi moja kati ya baba na mwana, na mwana akaja kuulizwa? Mimi mwenyewe siamini hivyo kila siku. Siku nyingine naamini kwamba nilisinzia juani nikaota, na kwamba mzee wa kule aliugua kama wazee wanavyougua.

Kisha mgeni akaitazama karatasi, akaisogeza karibu na macho, na akauliza kama bibi harusi bado yu hai. Akamwita kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake.

Yule binti akatoka. Alikuwa amejifunika khanga, na mtoto mmoja amemshika upindo. Akapiga goti akabusu mkono wa yule mgeni, naye akamwekea kiganja kichwani akasoma dua ndefu, ile ile wanayosomewa maharusi. Sikuifasiri. Haikuhitaji.

Walimlisha pilau na samaki. Alikula kidogo akisifu kila tonge, kama inavyompasa mgeni wa harusi. Alasiri akaomba kuonyeshwa maji. Tulishuka naye polepole mpaka ufukweni, mahali penye mawe makubwa na kina mama wanaofua. Alisimama akitazama mbali kusikokuwa na ng'ambo. Midomo yake ilikuwa inaenda, sikusikia anasema nini.

Halafu akavua viatu, akampa yule binti amshikie, akaingia mpaka vifundoni ili atawadhe. Alichota maji akasukutua, akashtuka, akageuka kutuangalia kwa mshangao kama wa mtoto.

"Si ya chumvi," alisema.

"Hapana," nikamjibu kwa Kiarabu. "Ni matamu."

Akachota tena, safari hii akanywa, na yule binti akasogea karibu na maji, viatu vya mzee vimebanwa kifuani, ili mzee asije akateleza.